Mafuta yakimwagika Tanga: kati ya matumbawe na mikoko

“Mafuta yakimwagika pale Tanga, si afadhali yapuliziwe dawa yatawanyike baharini kuliko kusubiri yafike pwani ndipo watu waanze kuyazoa kwa makoleo?”

Aliyeuliza hivyo ni mwalimu wa jiografia wa hapa Moshi, na hoja yake haipaswi kupuuzwa. Dawa ya kutawanya mafuta ina watetezi makini, na wengi wao ni wanasayansi waliotumia miaka mingi baharini. Hata hivyo, msimamo wangu ni kwamba dawa hiyo haifai ndani ya ghuba ya Tanga, kwamba inaweza kufaa nje kwenye kina kirefu kwa baadhi ya mafuta, na kwamba kwa mafuta ghafi yatakayopakiwa melini Chongoleani mjadala wa dawa unakaribia kukosa maana kwa sababu ya tabia ya mafuta yenyewe.

Sisi wa Kilimanjaro na Arusha hatuna bahari, lakini jambo hili linatuhusu. Sehemu kubwa ya petroli na dizeli inayouzwa katika vituo vyetu huteremshwa na meli Tanga, kisha hupandishwa na malori kupitia Korogwe na Same. Tena bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima nchini Uganda hadi rasi ya Chongoleani, lenye urefu wa kilomita 1,443, lilibishaniwa hapa Arusha katika Mahakama ya Afrika Mashariki, baada ya asasi nne za kiraia kufungua shauri mwaka 2020. Novemba 2023 mahakama hiyo ililitupa shauri kwa kuwa lilifunguliwa nje ya muda, hivyo hoja za mazingira hazikupata nafasi ya kupimwa zenyewe. Swali la mwalimu ni mojawapo ya yale yaliyobaki bila kujadiliwa hadharani.

Ili kulijibu, ni lazima kwanza tuone mafuta yanagusa nini. Pwani ya Tanga imepangika kwa matabaka. Ukitoka nchi kavu unakuta mikoko iliyosimama kwenye matope ya vijito na kingo za ghuba. Mbele yake kuna maji ya kina kifupi yenye nyasi bahari, ambako kamba na samaki wadogo hukulia na ambako baadhi ya wanawake hulima mwani. Halafu kuna matumbawe, ambayo mengine hubaki wazi maji yakipwa wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, na hapo ndipo watu hutembea wakichokoa pweza. Baada ya matumbawe, sakafu ya bahari huteremka haraka kuelekea kina kirefu anakoishi silikanti, samaki wa kale ambaye kwa ajili yake Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ilianzishwa mwaka 2009.

Katika mikutano silikanti hutajwa kwanza, pengine kwa sababu jina lake linajulikana duniani. Ukweli ni kwamba samaki huyo kwa kawaida hukaa kwenye kina cha zaidi ya mita 100, ilhali mafuta mengi huelea, na hata yakitawanywa kwa dawa matone yake hubaki zaidi katika mita chache za juu. Sisemi kwamba hayuko hatarini kabisa, kwa kuwa mafuta yaliyogandamana na mchanga au masalia ya kuungua yanaweza kuzama. Lakini anayetaka kujua hasara itaanzia wapi na ataishuhudia nani, na aangalie mkoko.

Chukua mti mmoja wa mchu, aina mojawapo ya mkoko. Mizizi yake imelala kwenye matope yasiyo na hewa, hivyo huchomoza juu vijiti vingi vyembamba vilivyosimama wima, ambavyo kazi yake ni kupumua. Kila kijiti kina vitundu vidogo vya kupitishia hewa. Maji yanapojaa na utando wa mafuta ukielea juu yake, vijiti hivyo huwa chini ya maji. Maji yanapopwa, utando hushuka polepole na kukipaka kila kijiti kutoka ncha hadi shina. Maji yakijaa na kupwa tena, hupakwa tena. Vitundu huziba, mizizi hukosa hewa, na baada ya wiki kadhaa majani huanza kuwa ya njano na kupukutika. Mti unaweza kusimama hivyo miezi mingi kabla ya kukubalika kuwa umekufa, jambo linalowafanya wakaguzi wanaokuja mapema waandike kwamba madhara ni madogo. Chini yake, mashimo ya kaa huyapeleka mafuta ndani ya matope, mahali ambapo bakteria wanaoweza kuyala hawapati oksijeni ya kutosha. Mafuta yaliyofika huko hukaa miaka, yakitoka kidogo kidogo kila mvua kubwa au kila kipande cha ukingo kinapomomonyoka.

Matumbawe yana udhaifu wa namna nyingine. Yakiwa chini ya maji ya mita kadhaa, utando unaweza kupita juu bila kuyagusa. Kinachoyaumiza ni mafuta yaliyoingia ndani ya maji, yaliyoyeyuka au kugawanyika kuwa matone madogo. Hapo ndipo ugomvi wa njia za kusafisha unapozaliwa, kwa sababu kazi ya dawa ni hiyo hasa: kuyaondoa mafuta juu ya maji na kuyaingiza ndani yake.

Dawa hizo zina viambato vya jamii ya sabuni vilivyochanganywa na viyeyushio. Hupuliziwa kutoka kwenye ndege au mashua, kwa kawaida kipimo kimoja cha dawa kwa vipimo 20 hivi vya mafuta, na mawimbi husaidia kuuvunja utando kuwa matone madogo sana yasiyopanda tena juu kwa haraka. Matone hayo husambaa, na bakteria huyashambulia kwa urahisi zaidi kwa kuwa eneo la kushika limeongezeka. Hayajaondoka baharini siku ile. Yamehamishwa na kupunguzwa ukali kwa kutandazwa kwenye maji mengi. Kwa hiyo swali la haki si kama dawa ni nzuri au mbaya, bali ni nani tunamwondolea mzigo na nani tunamtwisha.

Jaribio lililolijibu swali hilo kwa vitendo lilifanyika mwaka 1984 upande wa Karibi wa Panama, katika eneo la Bocas del Toro. Watafiti walitenga maeneo ya mraba wa mita 30 kwa 30, kila moja likiwa na mikoko, nyasi bahari na matumbawe kwa pamoja, mpangilio ambao mtu wa Tanga angeutambua mara moja. Katika eneo la kwanza waliachia mafuta ghafi peke yake. Katika la pili waliachia mafuta yaliyochanganywa na dawa. La tatu liliachwa bila kuguswa ili liwe la kulinganishia. Kisha walirudi tena na tena kwa zaidi ya miaka 30.

Pale penye mafuta matupu, matumbawe na nyasi bahari viliathirika kidogo, lakini mikoko ilikufa kwa wingi, na vifo havikuishia mwaka wa kwanza; viliendelea kuongezeka kadiri miaka ilivyopita. Pale penye mafuta yenye dawa, mambo yaligeuka: mikoko ilinusurika karibu yote, lakini matumbawe yalipungua na wanyama wa sakafuni, kama vile urchini wa baharini wenye miiba, walikufa. Baada ya takribani miaka kumi matumbawe yalikuwa yamerudi katika hali inayokaribia ile ya mwanzo. Mikoko ya eneo lenye mafuta matupu ilikuwa bado haijarudi.

Watetezi wa dawa hulisoma jaribio hilo hivi: ikiwa lazima tuchague, tuchague hasara inayopona kwa miaka kumi badala ya inayochukua miongo, basi dawa itumike hata karibu na pwani. Hoja hiyo ina mantiki, na wakati wa jaribio ingenishawishi. Leo inanishawishi nusu tu. Kupona kwa matumbawe kwa miaka kumi kulitegemea matumbawe jirani yaliyo hai ya kuzaa upya eneo lililoumia, na bahari isiyopata misukosuko mingine mikubwa. Mwaka 1998 joto la bahari liliyapausha na kuyaua matumbawe mengi ya Afrika Mashariki, na vipindi vya joto kali vimejirudia tangu hapo. Mgonjwa tunayetaka kumtwisha mzigo si yule wa mwaka 1984.

Lakini upande wa pili nao haupaswi kujipigia makofi. Wapo wanaosema, “Basi msipulize chochote, matumbawe yatabaki salama.” Panama yenyewe iliwakanusha. Mwaka 1986 tangi la kiwanda cha kusafisha mafuta lilipasuka karibu na ghuba ya Las Minas, na zaidi ya lita milioni nane za mafuta ghafi zikaingia baharini, jirani kabisa na maabara ya viumbe wa bahari ya Galeta iliyokuwa imeyachunguza maeneo hayo kwa miaka mingi kabla. Kama ilivyotarajiwa, mikoko ilikufa, takribani hekta 75, na mafuta yakaendelea kuvuja kutoka kwenye matope yake kwa miaka. Ambalo halikutarajiwa ni kwamba matumbawe yaliyo chini ya maji, ambayo nadharia ilisema yangepona, nayo yalikufa kwa wingi. Tofauti na jaribio ni kwamba hapa mafuta hayakuja mara moja. Kila mvua na kila wimbi viliyachomoa upya kutoka kwenye mikoko na kuyarudisha kwenye miamba. Kwa hiyo mkoko ulioachwa unywe mafuta unakuwa chanzo cha pili cha mwago.

Tanga ina jambo jingine ambalo Karibi ya Panama haina. Huko maji hupanda na kushuka kwa kiasi kidogo sana, pengine chini ya nusu mita, ilhali kwetu wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa huzidi mita tatu. Maana yake ni kwamba matumbawe ya juu, yanayobaki wazi maji yakipwa, yanaweza kupakwa mafuta moja kwa moja hata kama hakuna aliyepuliza dawa. Maana yake pia ni kwamba dawa ikipulizwa wakati maji yamepwa ndani ya ghuba, maji ya kuyapunguza makali ya matone hayapo ya kutosha. Ndiyo sababu nchi nyingi zinazoruhusu dawa huweka masharti ya kina na umbali, kwa mfano kina kisichopungua mita kumi au zaidi na umbali fulani kutoka pwani. Tanga ikifuata masharti ya namna hiyo, sehemu kubwa ya ghuba yenyewe hujiondoa katika orodha, na kinachobaki ni maji ya nje ya miamba. Huko nje sina pingamizi kubwa, mradi uamuzi ufanywe ndani ya saa chache na mafuta yawe ya aina inayokubali kutawanyika.

Sharti hilo la mwisho ndilo linaloyumbisha hoja yote kwa upande wa Chongoleani. Mafuta ghafi ya Uganda yana nta nyingi. Huganda yakiwa bado kwenye joto la karibu nyuzi 40 za Selsiasi, ndiyo maana bomba limebuniwa kupashwa moto ili mafuta yabaki kwenye nyuzi 50 hivi safari nzima. Maji ya bahari Tanga ni kati ya nyuzi 25 na 30. Mafuta hayo yakianguka baharini yatapoa na kushikana kama mafuta ya mgando kwenye sufuria iliyoepuliwa: mabonge, vipande na tabaka zito, badala ya utando mwembamba unaotanda. Dawa ikimwagwa juu ya bonge haiingii ndani. Huteleza na kupotelea majini, na hapo utakuwa umeitia bahari kemikali bila kupunguza mafuta. Dalili yake huonekana kwa macho. Dawa ikifanya kazi, ndani ya dakika chache hutokea wingu la rangi ya kahawa ya maziwa chini ya uso wa maji. Ikishindwa, maji huwa meupe na mafuta hubaki meusi palepale.

Ugandaji huo una faida na hasara. Faida ni kwamba mafuta hayasambai haraka, hayapenyi kwa urahisi kwenye matope, na mvuke wake wa sumu ni mdogo kuliko wa mafuta mepesi. Mkoko uliopigwa na mabonge una nafasi nzuri kuliko uliopakwa utando laini. Hasara ni kwamba mabonge huishi muda mrefu na kusafiri mbali. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini, na wakati wa kusi hupata nguvu zaidi, kwa hiyo yaliyoponyoka Tanga yanaweza kwenda kutua upande wa Vanga na Shimoni nchini Kenya. Pia mchana jua likiwaka kwenye mchanga mweusi, joto linaweza kuyalainisha mabonge yaliyotua, na hapo huanza kupenya kule ambako jana hayakuweza.

Basi tunarudi kwenye njia ambayo mwalimu aliidharau kidogo, ile ya kuzuia na kukusanya. Sifa yake kubwa ni kwamba mafuta yaliyokusanywa yameondoka kweli. Udhaifu wake mkubwa ni kiasi. Katika mwago wa kisima cha Ghuba ya Meksiko mwaka 2010, nchi tajiri ikiwa na maelfu ya mashua, mafuta yaliyokombwa juu ya bahari yalikadiriwa kuwa asilimia 3 tu ya yaliyotoka kisimani. Yaliyochomwa yalikuwa asilimia 5. Anayeahidi kwamba mashine za kukomba zitasafisha bahari iliyo wazi anaahidi kitu ambacho hakijawahi kuonekana.

Ndani ya ghuba, hata hivyo, hesabu ni nyingine. Chanzo kinajulikana, ambacho ni gati, meli au bomba la kupakia, na uzio unaoelea unaweza kutandazwa kabla ya upakiaji kuanza. Uzio huo ni mstari wa maboya wenye sketi inayoning'inia chini ya maji, na una kikomo kimoja ambacho kila anayeukodisha angepaswa kukijua: maji yakiupiga moja kwa moja kwa kasi inayozidi mita 0.35 hivi kwa sekunde, mafuta huanza kupita chini ya sketi, hata kama uzio ni imara na mpya. Mkondo wa bamvua kwenye mlango wa kijito unaweza kupita kasi hiyo bila shida. Suluhisho lake si kununua uzio mnene zaidi, bali ni kuulaza kwa mshazari. Mkondo ukiwa wa mita moja kwa sekunde, uzio unatakiwa ulale kwa pembe ya nyuzi 20 hivi dhidi ya mkondo, ili mafuta yateleze kando yake hadi sehemu tulivu iliyochaguliwa, ikiwezekana ufukwe wa mchanga unaofikika kwa gari, ambako mashine au watu wanayasubiri. Hiyo ina maana kwamba mahali pa kufungia kamba, urefu wa uzio na ufukwe wa kupokelea lazima vijulikane kabla, kwa kila mlango wa kijito chenye mikoko, kwa bamvua na kwa maji mafu. Kwa mafuta yenye nta, mashine za kawaida za kukomba kimiminika huziba, hivyo nyavu za matundu madogo, mikanda ya kunyanyulia na hata wavuvi wenye nyavu za mkono wanaweza kufanya kazi bora kuliko mtambo wa gharama.

Hapo hali ya hewa huingia na kejeli yake. Mawimbi ya kusi yanayovunja uzio na kuzishinda mashine ndiyo hayohayo yanayosaidia dawa kufanya kazi. Nayo miezi ya utulivu kati ya kusi na kaskazi, ambayo dawa hukosa mawimbi ya kuichanganya, ndiyo inayofaa kwa uzio. Kwa hiyo mtu mwaminifu hawezi kusema njia moja imeishinda nyingine mwaka mzima.

Kuchoma mafuta juu ya maji nitakupitia haraka. Utando unahitaji unene wa angalau milimita mbili au tatu ili uwake na kuendelea kuwaka, kwa hiyo lazima kwanza ukusanywe ndani ya uzio usioshika moto. Ukiwaka, unaweza kumaliza zaidi ya asilimia 90 ya mafuta yaliyomo ndani ya uzio. Lakini mafuta yaliyokaa majini siku mbili tatu hunywa maji na kuwa povu zito la kahawia lisilowaka, na moshi mweusi karibu na mji kama Tanga ni jambo ambalo hakuna mkuu wa wilaya atakayeliidhinisha akiwa na akili timamu. Baharini mbali, huenda.

Je, mafuta yakishafika pwani? Hapa ndipo silika ya binadamu hufanya madhara makubwa kuliko mafuta. Mwaka 1967 meli ya Torrey Canyon ilipogonga mwamba karibu na Cornwall, Uingereza, ikiwa na takribani tani 119,000 za mafuta ghafi, zilimwagwa tani zipatazo 10,000 za sabuni za viwandani, nyingi zikielekezwa kwenye miamba ya ufukweni. Sabuni za wakati ule zilikuwa kali kuliko mafuta. Ziliwaua konokono wa miamba wanaokula mwani, mwani ukafunika kila kitu, na mfuatano wa maisha ukavurugika. Sehemu zilizosafishwa sana zilichukua kati ya miaka tisa na 15 kurudi katika hali yake. Sehemu iliyoachwa bila sabuni ilirudi baada ya miaka miwili au mitatu. Dawa za leo ni tofauti na zile, na si haki kuzihukumu kwa makosa ya mababu zake, lakini funzo kuhusu ufukwe halikubadilika. Alaska mwaka 1989, baada ya mwago wa Exxon Valdez, miamba ilioshwa kwa maji ya moto yenye msukumo mkubwa. Ilionekana kung'aa kwa wapiga picha, huku viumbe walionusurika mafuta wakichemshwa.

Kwa mikoko kanuni ni ngumu zaidi kuikubali. Watu mia wakiingia na makoleo kwenye matope, kila hatua hukanyaga miche na kuyasukuma mafuta chini, kule kusikofika hewa. Kinachoruhusiwa na wajuzi ni kidogo: kuyaosha mafuta laini kwa maji ya bahari yenye msukumo mdogo wakati maji yanapopwa, ili yatoke nje na kunaswa na uzio, kuweka vinyonyeo mdomoni mwa kijito na kuvitoa kabla havijawa takataka, kuokota mabonge kutoka ukingoni au ndani ya mtumbwi. Baada ya hapo ni kuacha. Kuukata mkoko uliopakwa mafuta, kwa sababu unatia huruma kuuangalia, ni kuiua mizizi ambayo pengine ingepona.

Najua hoja ya upande wa pili, na haiwezi kubezwa na mtu anayeandika akiwa Moshi. Mama anayelima mwani hawezi kuambiwa asubiri miaka mitatu bakteria wafanye kazi. Fukwe za mchanga zinazotumiwa na watu zinastahili kusafishwa haraka, tena kwa mikono, kwa kuwa tingatinga huchukua mchanga safi mwingi pamoja na mchafu. Mwago wa meli ya Erika huko Ufaransa mwaka 1999 ulikuwa wa takribani tani 20,000, lakini takataka zilizokusanywa zilizidi tani 200,000. Mpango wowote wa Tanga usioonyesha mahali pa kuweka mchanga wenye mafuta haujakamilika, hata ukiwa na boti ngapi.

Bahari yetu wenyewe imetoa mfano wa karibu. Julai 2020 meli ya Wakashio, iliyokuwa haina shehena ya mafuta, ilipanda juu ya miamba ya Morisi, na kuanzia Agosti 6 takribani tani 1,000 za mafuta ya injini zake zikavuja. Wananchi walishona nyuzio za kienyeji kwa kutia majani makavu ya miwa ndani ya vitambaa na kuziwekea chupa za plastiki zielee. Zilisaidia katika maji tulivu na zilizidiwa kwenye mkondo, kama zile za kiwandani. Kinachoniuma zaidi katika tukio hilo ni zile siku 12 kati ya meli kukwama na mafuta kuanza kuvuja. Mafuta mengi yaliyobaki melini yalikuja kupampwa nje baadaye, na kila tani iliyotolewa kabla ya kuvuja haihitaji mtu kuchagua kati ya tumbawe na mkoko.

Wakashio inatukumbusha pia kwamba mafuta ghafi si peke yake yanayoweza kumwagika Tanga. Petroli inayokuja kwetu ikimwagika haipaswi kukusanywa wala kupuliziwa dawa. Huvukiza yenyewe ndani ya saa chache, na kazi ya kwanza ni kuwaondoa watu na moto. Dizeli ndiyo yenye hila. Ni nyepesi kiasi cha kupenya matope haraka, haionekani kama mafuta mazito meusi, na baada ya siku chache uso wa maji huonekana safi kabisa wakati sumu imeshaingia kwenye mizizi ya mchu. Uzio ni mgumu kuishika, mashine huikomba kidogo, na ndani ya kijito dawa ingezidisha tu kiasi kinachoingia majini. Kwa dizeli nafasi pekee yenye maana ni kuuziba mlango wa kijito kwa uzio na vinyonyeo ndani ya saa za kwanza, kabla maji hayajajaa. Hivyo mtu akiniuliza Tanga ianze kujaza ghala lake na nini, ningesema nyuzio nyepesi zinazoweza kubebwa na mashua za wavuvi, nanga na kamba zake, na vinyonyeo vya kutosha kwa kila mlango wa mikoko. Mapipa ya dawa yangekuja baadaye sana, yakiwa na kibandiko kinachosema ni kwa matumizi ya nje ya miamba tu.